Kuhama Samsung kwenda iPhone bila kuiacha WhatsApp nyuma

*"Nauza mitumba Kibuye, Kisumu. Nimenunua iPhone 11 ya mkono wa pili, GB 64. Simu yangu ya zamani ni Samsung ya laini mbili, Safaricom na Airtel, na nina kadi ya memori ndani. Mimi ni mweka hazina wa chama, kwa hivyo rekodi zote ziko WhatsApp na kwenye meseji za M-PESA. Aliyeniuzia aliniwashia akaniwekea kila kitu, lakini WhatsApp imefunguka tupu na majina mengi hayapo. Sasa ni siku ya pili. Nitavipataje vitu vyangu, na ni vipi vitabaki huko?"*

Dada, kabla ya lolote, usifute WhatsApp kwenye Samsung, na usimpe mtoto wala fundi simu hiyo "aisafishe". Mazungumzo yako hayajapotea. Namba yako ilipowashwa kwenye iPhone, WhatsApp ya Samsung ilitolewa kwenye akaunti, lakini hazina ya meseji imebaki ndani ya Samsung. Itakaa hapo mradi programu yenyewe haijaondolewa.

WhatsApp ilifunguka tupu kwa sababu nakala ya akiba ya Android, ile watu huita bekapu, huwekwa Google Drive, na ya iPhone huwekwa iCloud. Simu moja haisomi ghala la nyingine. Ndiyo maana hata mtu mwenye bekapu ya jana usiku Google Drive akiingiza namba yake kwenye iPhone hataletewa kitu. Tangu 2022 iko njia rasmi ya kuvusha WhatsApp kutoka Android, lakini hupitia programu iitwayo Move to iOS, na WhatsApp inataka iPhone iwe mpya au iliyofutwa ikarudi mwanzo. Mlango wenyewe hufunguka wakati simu inawekwa mara ya kwanza. Aliyekuuzia alikuvusha hatua hiyo akidhani anakusaidia. Itabidi uirudishe iPhone mwanzo na uanze upya, na siku ya pili ni mapema kuliko mwezi wa pili.

Kuna tahadhari moja kabla ya kufuta. Fungua `Settings` kwenye iPhone na utazame juu kabisa. Ukikuta jina au baruapepe isiyo yako, simu hiyo bado iko kwenye akaunti ya Apple ya mtu mwingine, na ukiifuta inaweza kukuletea skrini iliyoandikwa `iPhone Locked to Owner` ikidai nenosiri lake. Hapo hakuna fundi wa halali atakayeifungua. Mrudie muuzaji ukiwa na simu mkononi, aguse jina hilo, achague `Sign Out` na aweke nenosiri lake mbele yako. Akianza visingizio kwamba nenosiri liko kwa kaka yake Nairobi, dai pesa zako zirudi. Ikiwa aliyefungua akaunti alitumia baruapepe yako lakini nenosiri analijua yeye, libadilishe kabla hujaendelea.

Meseji za WhatsApp zilizoingia kwenye iPhone siku hizi mbili haziunganishwi na za Samsung. Ukifuta iPhone, zinakwenda. Pitia kundi la chama na wateja, na kama kuna malipo au mapatano ya kuhifadhi, fungua mazungumzo hayo, gusa jina lililo juu, teremka hadi `Export Chat` na ujitumie kwa baruapepe. Yatakuja kama faili ya maandishi. Hayatarudi ndani ya WhatsApp, lakini utakuwa na ushahidi wake.

Sasa rudi kwenye Samsung. Hakikisha laini ya Safaricom iko ndani yake, fungua WhatsApp na uthibitishe namba yako upya kwa tarakimu sita zitakazoletwa kwa meseji. Mazungumzo yako ya zamani yataonekana, na WhatsApp ya iPhone itajitoa yenyewe. Ikikuuliza PIN ya tarakimu sita uliyowahi kuiweka mwenyewe, hiyo ni kitu tofauti na tarakimu za meseji. Hakikisha unaikumbuka, kwa maana utaulizwa tena kwenye iPhone. Aliyeisahau na hakuweka baruapepe ya kuirejesha hulazimika kungoja siku 7. Njia ya kuepuka hilo ni kwenda `Settings`, `Account`, `Two-step verification` ukiwa bado Samsung, na kubadilisha PIN iwe unayoikumbuka. Ukishaingia, tengeneza bekapu ya Google Drive kupitia `Settings`, `Chats`, `Chat backup`. iPhone haitaisoma, lakini mambo yakiharibika katikati ya safari, utakuwa na pa kurudi.

Kisha pima mzigo. GB 64 zilizoandikwa kwenye boksi si zako zote. Mfumo wa simu na programu zake za asili huchukua kati ya GB 12 na 15, na ni busara kuacha GB 10 tupu, maana iPhone iliyojaa hadi shingoni hukataa kusasishwa na kamera hugoma. Unabaki na kama GB 40. Tuseme WhatsApp ya Samsung ina GB 16, picha na video za kamera GB 14, nyimbo GB 3, na programu utakazopakua upya GB 6. Jumla ni GB 39. Zinaingia, lakini kama mabegi ya abiria kwenye matatu ya Busia siku ya soko, hakuna pa kutia mguu. Na usisahau kuhesabu kadi ya memori, kwa sababu iPhone haina tundu la kadi. Kila kilicho kwenye kadi lazima kiingie ndani ya simu au kibaki nje.

Mahali pa kupunguza ni WhatsApp. Kwenye Samsung fungua `Settings` ya WhatsApp, `Storage and data`, kisha `Manage storage`. Utaona makundi mawili juu: vitu vilivyotumwa mara nyingi, na vitu vinavyozidi MB 5. Video za mahubiri, za mipira na za vichekesho zilizopita mikono hamsini ndizo zinazokula nafasi. Futa hizo. Usifute picha za risiti za chama wala za bidhaa zako. Mtu mwenye makundi mengi anaweza kushuka kutoka GB 16 hadi 9 bila kugusa neno hata moja la maandishi, na mzigo mdogo pia hufupisha muda wa kuhamisha.

Tuje kwenye majina, ambayo huwatatiza watu kuliko WhatsApp yenyewe. Kwenye simu ya Android jina linaweza kukaa sehemu tatu: kwenye laini, kwenye kumbukumbu ya simu, au kwenye akaunti ya Google. Kwenye skrini yote huonekana kama orodha moja, kwa hivyo mtu hajui. Muuzaji alipoingiza akaunti yako ya Gmail kwenye iPhone, yalikuja yale ya Google peke yake. Yale uliyoyahifadhi tangu enzi za kabambe yamo kwenye laini, na mengine yamo ndani ya Samsung.

Yakusanye yote Google kabla ya safari. Fungua `Contacts` ya Samsung, gusa mistari mitatu, chagua `Manage contacts`, kisha `Move contacts`. Hamisha kutoka `Phone` kwenda akaunti yako ya Google, halafu rudia kutoka kwenye kila laini. Utaona majina ya laini yamekatwa na yana namba moja moja, kwa sababu laini haina nafasi ya jina refu wala namba ya pili. "Mama Akinyi wa viatu vya watoto" atakuwa amekatikia njiani. Huo ni udogo wa kadi na ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Ukimaliza, angalia idadi ya majina kwenye akaunti ya Google na uiandike kwenye karatasi. Ukiwa na mtandao, subiri dakika chache yapande. Fungua contacts.google.com kwenye simu yoyote na uone kama idadi ni ile ile.

Hapo uko tayari. Fanya kazi hii usiku ukishafunga biashara, kwa sababu simu zote mbili hazitumiki wakati wa kuhamisha. Ziweke zote kwenye chaja, WhatsApp inadai hivyo. Kama umeme wa mtaa wenu hukatika, tafuta pawabanki iliyojaa uwe nayo karibu. Unahitaji pia waifai au hotspoti ya simu ya tatu ili iPhone ijiandikishe na kupakua programu. Sasisha WhatsApp kwenye Samsung, kisha pakua Move to iOS kutoka Play Store.

Kwenye iPhone nenda `Settings`, `General`, `Transfer or Reset iPhone`, halafu `Erase All Content and Settings`. Itakapowaka na salamu ya `Hello`, chagua lugha na nchi, na ikikuuliza kama una kifaa kingine cha Apple cha kuwekea, chagua kuweka bila kifaa kingine. Iunge kwenye waifai, weka uso na namba ya siri. Halafu inakuja skrini iliyoandikwa `Transfer Your Apps & Data`. Hapa ndipo ulipovushwa. Gusa `From Android`. Kwenye simu ambazo mfumo wake haujasasishwa siku nyingi huandikwa `Move Data from Android`. Kwa WhatsApp iPhone yenyewe inatakiwa iwe na iOS 15.5 au zaidi, na iPhone 11 haina taabu kufika hapo.

Fungua Move to iOS kwenye Samsung, kubali masharti, na iPhone itakuonyesha tarakimu sita au kumi. Ziandike kwenye Samsung. iPhone itatengeneza mtandao wake mdogo wa waifai na Samsung itakuuliza kama ijiunge nao. Kubali.

Mambo mengi huharibikia hapa. Mtandao huo hauna intaneti, ni kamba tu kati ya simu mbili. Samsung ikiona hakuna intaneti, hujaribu "kukusaidia" kwa kuruka kwenye data ya laini, na kamba inakatika. Dalili ni kwamba mstari unaganda palepale, au Move to iOS inarudi mwanzo na kudai tarakimu upya. Zuia mapema: zima data ya simu kwenye Samsung, kisha nenda `Settings`, `Connections`, `Wi-Fi`, ufungue `Intelligent Wi-Fi` na uzime `Switch to mobile data`. Ikikuuliza kama ubaki kwenye waifai isiyo na intaneti, sema ndiyo.

Kitu kingine kinachokata kamba ni kugusagusa. Ukitoka Move to iOS ukafungua programu nyingine, au simu ikaingia, uhamishaji unaweza kufa. Weka Samsung mezani ikiwa imeelekea juu, skrini ikiwaka, na uwaambie watu wa nyumbani wasipige.

Itakuja orodha ya vitu vya kuhamisha. Weka alama kwenye WhatsApp, meseji, na picha na video za kamera. Kwa majina, chagua njia moja: ama uyaweke alama hapa, ama uyaache na uingize akaunti ya Google baadaye. Ukifanya yote mawili utapata kila mtu mara mbili. Ningeacha Google iyalete, kwa sababu majina yatabaki kwenye akaunti yako na siku nyingine hutahitaji kuyahamisha tena.

WhatsApp ina hatua yake ndani ya orodha hiyo. Ukiigusa, gusa `START` kwenye Samsung, na WhatsApp itaanza kuandaa mzigo. Ikimaliza, itakutoa kwenye akaunti hapo Samsung. Usishtuke, ndivyo ilivyo. Gusa `NEXT` urudi Move to iOS, kisha `CONTINUE`. Sasa subiri. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua saa mbili, inategemea mzigo. Samsung inaweza kuandika kwamba imemaliza huku mstari kwenye iPhone bado unatembea. Sikiliza iPhone. Usitenganishe simu mpaka mstari wa iPhone ufike mwisho.

iPhone ikishamaliza, endelea na maswali yake hadi mwisho, na akaunti ya Apple iwe yako, yenye nenosiri unalolijua wewe. Pakua WhatsApp kutoka App Store, ifungue na uweke namba ile ile uliyotumia Samsung. Ukipewa skrini yenye `Start`, iguse na uache imalize. Hiyo ndiyo inayofungua mzigo uliovushwa. Mtu mwenye haraka anayeiruka hujikuta tena kwenye WhatsApp tupu, na dawa ni kurudia kufuta simu yote. Tarakimu sita za kuthibitisha zitaingia palipo na laini, kwa hivyo kama laini bado iko Samsung, zisome huko.

Utapata mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, makundi, picha, sauti na mipangilio. Nafasi yako kama msimamizi wa kundi la chama haiguswi, kwa kuwa hufuata namba. Kinachobaki ni orodha ya simu ulizopiga kwa WhatsApp, na jina lako la kuonyesha utaliandika upya. Vilevile, WhatsApp iliyovushwa haijapandishwa iCloud mpaka utengeneze bekapu mwenyewe. iCloud ya bure ni GB 5 tu, wakati Google hukupa 15, kwa hivyo WhatsApp ya GB 9 haitaingia bila kulipia. Ukiingia `Settings`, `Chats`, `Chat Backup` unaweza kuzima video zisipandishwe, na mara nyingi hapo hupungua ikatosha.

M-PESA sasa. Pesa ziko kwenye akaunti iliyofungwa kwa laini yako, na simu ni dirisha tu. Ukihamisha laini ya Safaricom kwenye iPhone, pesa, Fuliza na PIN vinakwenda nayo. Kinachowachanganya watu ni menyu. Kwenye Samsung ilikuwa alama yake peke yake kati ya programu, kwenye iPhone imefichwa ndani ya `Settings`, `Cellular` au `Mobile Service` kulingana na aina ya Kiingereza kilichowekwa, chagua laini, halafu `SIM Applications`. Au piga tu `*334#` na usihangaike. Programu ya M-PESA ipo App Store pia, lakini utaingia upya ukiwa na laini ndani. Programu za benki nazo utazisajili upya moja moja, hakuna inayovuka ikiwa imeingia tayari.

Meseji za M-PESA ni jambo tofauti na pesa, maana ni maandishi yaliyokaa ndani ya Samsung. Move to iOS huzileta pamoja na meseji nyingine, ndiyo maana nimesema uziweke alama. Baada ya safari tafuta `MPESA` kwenye `Messages` na uone kama ya zamani kabisa ipo. Utafutaji wa iPhone huchelewa siku ya kwanza kwa sababu simu inapanga meseji, kwa hivyo usikimbilie kusema zimepotea. Teremka kwa mkono. Kwa hesabu za chama, hata hivyo, nisingetegemea meseji. Kupitia `*334#`, kwenye `My Account`, unaweza kuomba taarifa kamili ya M-PESA itumwe kwenye baruapepe yako. Hiyo ndiyo rekodi ambayo mwanachama hawezi kubishana nayo, na haijali uko na simu gani.

Angalia na mpangilio mmoja zaidi. iPhone inaweza kutenga meseji kutoka kwa watumaji wasiojulikana na kunyamazisha kengele zao. `MPESA` si jina lililohifadhiwa kwenye orodha yako, kwa hivyo mpangilio huo ukiwa umewashwa, mteja atakuambia ametuma na wewe hutasikia mlio. Ingia `Settings`, `Apps`, `Messages`, uzime kichujio cha `Unknown Senders`. Kwenye mifumo ya zamani `Messages` iko moja kwa moja ndani ya `Settings`, bila kupitia `Apps`.

Kuhusu laini mbili: iPhone 11 nyingi zina nafasi ya kadi moja, na laini ya pili huingia kama eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Weka Safaricom ya kadi kwenye tundu, na Airtel uipeleke duka la kampuni hiyo ukiwa na kitambulisho wakubadilishie iwe eSIM. Sikushauri ufanye kinyume. Kubadilisha kadi kuwa eSIM huhesabiwa kama kubadilisha laini, na huenda benki ikafunga huduma zake za simu hadi ujithibitishe. Laini inayobeba M-PESA na benki iache kwenye kadi yake, usiisumbue bure. Kama hutaki safari ya dukani, acha Airtel ikae Samsung. Itakuwa simu ya pili ya bando.

Vilivyobaki nyuma moja kwa moja nitavitaja kwa haraka. Nyimbo hazivushwi na Move to iOS. Njia nyepesi ni kupakua VLC kwenye iPhone, kuwasha ugavi wake wa waifai, na kufungua anwani itakayokuonyesha kwenye kivinjari cha Samsung ili utume nyimbo, simu zote zikiwa kwenye waifai moja. Programu za bure zilizopo pande zote mbili zinaweza kupakuliwa zenyewe, lakini zitakuja bila yaliyomo: michezo itaanza hatua ya kwanza, na daftari la `Samsung Notes` halitakuja. Kama una orodha ya madeni humo, fungua kila karatasi, itoe kama PDF na ujitumie. Programu ulizowekewa kwa faili ya APK hazina mwenzake upande huu. Uliyolipia Play Store utalipia tena App Store. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa Google hayavuki na Move to iOS, ila ukiweka Chrome kwenye iPhone na kuingia akaunti yako, utayakuta.

Ukimaliza, fanya ukaguzi kwa karatasi uliyoandika. Ingiza akaunti ya Google kupitia `Settings`, `Apps`, `Contacts`, `Contacts Accounts`, washa `Contacts`, na usome idadi ya majina chini kabisa ya orodha. Hapo hapo weka `Default Account` iwe Gmail, ili majina mapya yaende huko. Tafuta meseji ya zamani kuliko zote kwenye kundi la chama na uifungue picha moja ya risiti ya mwaka jana, ione ikifunguka. Linganisha idadi ya picha. Simu zikikubaliana, bado ningeiacha Samsung kama ilivyo kwa mwezi mzima, bila kuuza, bila kufuta, na bila kuwasha WhatsApp kwa namba ile humo, kwani ukiithibitisha huko itaitoa iPhone kama ilivyokutoa mara ya kwanza.

Na ukiona iPhone haikufai ukataka kurudi, fahamu kwamba njia ya WhatsApp ya kurudi ni nyingine. Inahitaji waya wa Lightning kwenda USB-C uunganishe simu mbili, na safari hii ni Samsung ndiyo lazima iwe imefutwa na kuanza mwanzo. Kabla hujatoa laini kwenye iPhone, zima `iMessage` ndani ya mipangilio ya meseji. Usipozima, marafiki wenye iPhone watakutumia meseji na zitaendelea kwenda kwenye simu uliyoiacha, wewe ukidhani wamekununia.